Jumla za mifumo miwili zinapokataa kulingana: mazungumzo na binti wa mafunzo

Binti aliyekuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo aliingia Jumatatu asubuhi na karatasi mbili mkononi, uso umemkunjamana kana kwamba amepoteza pesa za watu.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Kulikoni?"

"Ule mgahawa unaokesha. Mfumo wa kaunta unasema Ijumaa tarehe 14 waliuza 3,184,000. Mfumo wa uhasibu unasema 3,432,813. Nimesawazisha data tena mara mbili, bado hivyohivyo."

Kwanza nieleze mitambo yenyewe. Mgahawa uko Dar es Salaam na haufungwi usiku. Risiti hukatwa kwenye kompyuta ya kaunta na kwenye vishikwambi vya wahudumu, na zote huingia katika kanzidata iliyopo palepale mgahawani. Kila robo saa, programu ndogo huamka, huchukua risiti mpya na kuzituma kwenye seva ya uhasibu iliyo mtandaoni. Meneja anatazama mfumo wa kwanza, mhasibu anatazama wa pili. Kufikia Jumatatu ile wawili hao walikuwa hawasalimiani vizuri.

"Tofauti ni 248,813," binti akaendelea. "Nimetafuta risiti ya kiasi hicho, sijaiona."

"Na hutaiona. Umefanya kama wahasibu wa zamani, na wao walikuwa na sababu. Walikuwa wakigawa tofauti kwa 9. Ikigawanyika bila kubaki kitu, walishuku kuwa mtu kageuza tarakimu mbili, 54 kaiandika 45. Hapo kosa ni moja na limefanywa na mkono. Hapa hakuna mkono ulioandika. Hiyo 248,813 ni mabaki ya makosa kadhaa, mengine yameongeza na mengine yamepunguza, kisha yakafunikana. Ukiikimbiza namba yenyewe utazunguka mpaka jioni."

Nikamwomba atazame tarakimu za mwisho. Bei zote za mgahawa ule huishia na 000 au 500, kwa hiyo risiti nzima ikipotea au ikizidi, tofauti nayo itaishia hivyohivyo. Tofauti inayoishia na 813 inamaanisha kwamba, pamoja na mengine yote, kuna mahali shilingi zinamegwa. Hilo tulijua kabla ya kufungua kompyuta, tukaliweka kiporo.

Hatua ya kwanza: simamisha, kisha nakili

"Uliposawazisha mara mbili, ulikuwa umenakili data kwanza?"

"Hapana, kaka."

"Bahati yako programu yetu huendelea ilipoishia tu. Ipo mingine ambayo ukiibonyeza hufuta siku nzima na kuituma upya. Jumla zinalingana, kila mtu anafurahi, na ushahidi wa kilichoharibika umekwenda nao. Wiki ijayo tatizo linarudi."

Kwa hiyo zima kwanza programu ya kutuma. Kisha toa nakala ya risiti kutoka pande zote mbili kwa wakati mmoja. Ukinakili kaunta saa nne na uhasibu saa sita, mauzo ya katikati yatakuletea tofauti ambayo si kosa la mtu. Tulitoa mafaili mawili ya CSV, la wiki nzima kila moja, tukayaweka kwenye folda ambayo hakuna anayeigusa.

Hatua ya pili: uliza pande zote swali lile lile

Ripoti zenye kurasa nzuri ziache. Kila ripoti ina vichujio vyake usivyoviona. Uliza kanzidata yenyewe mambo manne tu: risiti ngapi, jumla kiasi gani, ya kwanza ilikatwa saa ngapi, ya mwisho saa ngapi.

```sql
SELECT COUNT(*), SUM(total), MIN(sold_at), MAX(sold_at)
FROM receipts
WHERE sold_at >= '2025-11-14 00:00:00'
  AND sold_at <  '2025-11-15 00:00:00';
```

Kaunta ikajibu: risiti 212, shilingi 3,184,000, ya kwanza 00:04, ya mwisho 23:57. Uhasibu ukajibu: risiti 225, shilingi 3,432,813, ya kwanza 00:01, ya mwisho 23:58.

"Saa zinafanana," akasema binti. "Ila uhasibu una risiti 13 za ziada."

"Hebu niambie, risiti ya kwanza ya uhasibu ni ya 00:01. Kaunta wanayo risiti ya 00:01?"

Akapekua. Hawana. Ya kwanza yao ni ya 00:04. Akapekua tena kwa namba ya risiti, akaikuta kwenye faili la kaunta, imeandikwa 03:01.

Akanyamaza kidogo. "Saa tatu mbele."

"Eeh. Saa tatu kamili, kwa kila risiti. Seva ya uhasibu inahesabu kwa saa za UTC, na sisi Afrika Mashariki tuko mbele ya UTC kwa saa tatu mwaka mzima. Hatuna mambo ya kusogeza saa majira ya joto, kwa hiyo pengo halibadiliki. Siku ya seva inaanza hapa kwetu ikiwa saa tisa usiku."

Duka linalofunga saa mbili usiku na kufungua asubuhi lingeishi na kosa hili miaka na lisijue, kwa sababu kati ya saa sita na saa tisa usiku hakuna anayeuza. Mgahawa wetu unakesha. Risiti 26 za usiku wa kuamkia Ijumaa, zenye thamani ya 301,500, kaunta imeziandika tarehe 14 lakini uhasibu umezirudisha tarehe 13. Risiti 38 za usiku wa kuamkia Jumamosi, za 497,000, kaunta imeziandika tarehe 15 lakini uhasibu umezihesabu bado ni tarehe 14. Zimetoka 26, zimeingia 38: uhasibu umezidi risiti 12 na, kwa bei za kaunta, shilingi 195,500, na hakuna hata moja iliyoharibika. Zote zipo, zimekaa tu siku isiyo yao.

Kiswahili kimelijua tatizo hili zamani. Ndiyo maana tunasema "usiku wa kuamkia Jumamosi", maana ukisema "Ijumaa usiku" peke yake kuna atakayekuuliza upi. Mfumo wa kompyuta haukuulizi. Unachagua.

"Nitajuaje siku nyingine kwamba ni saa na si kitu kingine, kabla ya kufungua kila risiti?" akauliza.

Kuna kipimo chepesi. Chukua jumla za siku saba mfululizo badala ya moja. Kosa la mpaka wa siku haliongezi wala halipunguzi mauzo, linayahamisha tu kwa jirani. Kinachozidi leo kinapungua kesho, na kwa wiki nzima kunabaki ncha mbili tu, usiku wa kwanza na usiku wa mwisho. Tofauti ikisinyaa sana unapopima wiki, shuku saa. Ikizidi kukua kila siku unayoongeza, kuna risiti zinazopotea au kujirudia. Ya kwetu ilifanya yote mawili: siku mojamoja ziliyumba kwa laki kadhaa, wiki ikasinyaa, lakini haikufika sifuri.

Kurekebisha swali la upande wa uhasibu ni kuiambia kanzidata yake, PostgreSQL, mpaka wa siku uko wapi:

```sql
WHERE sold_at >= '2025-11-14 00:00:00+03'
  AND sold_at <  '2025-11-15 00:00:00+03'
```

Na kwenye ripoti inayopanga mauzo kwa tarehe:

```sql
(sold_at AT TIME ZONE 'Africa/Dar_es_Salaam')::date
```

Hapa pana mtego. Mstari huo ni sahihi ikiwa safu ya `sold_at` ni ya aina ya `timestamptz`, inayozingatia ukanda wa saa. Ikiwa ni `timestamp` tupu iliyojazwa saa za UTC, mstari huohuo utazirudisha saa nyuma badala ya kuzisogeza mbele, na kosa lako la saa tatu litakuwa la saa sita. Katika hali hiyo andika kwanza `AT TIME ZONE 'UTC'`, kisha ndiyo ufuatishe ya Dar es Salaam. Usikisie aina ya safu, itazame.

Lipo swali moja ambalo kanzidata haiwezi kulijibu. Nilimpigia meneja, nikamuuliza mauzo ya Ijumaa kwake yanaishia wapi. Akajibu bila kufikiri: "Zamu ya usiku ikikabidhi, saa kumi na mbili asubuhi." Kumbe siku zilikuwa tatu: ya seva, ya kalenda na ya zamu. Hakuna iliyo mbaya, ila lazima ichaguliwe moja, iandikwe, na ripoti zote mbili ziifuate. Tulikubaliana kulinganisha mifumo kwa siku ya kalenda ya Dar es Salaam, na zamu ibaki kuwa ripoti yake ya pembeni. Kama mgahawa unatumia mashine ya risiti za kodi, EFD, kumbuka pia kwamba ripoti yake ya Z hufunga siku pale inapotolewa. Ukiileta kama mwamuzi bila kutazama ilitolewa saa ngapi, umeongeza mpaka wa nne.

Hatua ya tatu: linganisha risiti kwa risiti

Baada ya saa kurekebishwa, uhasibu ulionyesha risiti 213 na shilingi 3,237,324. Dhidi ya kaunta, risiti moja zaidi na shilingi 53,324 zaidi.

"Basi tumebakiza risiti moja!" binti akafurahi.

"Umebakiza tofauti ya idadi ya moja. Hujui ziko ngapi."

Njia ya kujua ni kuacha kabisa kujumlisha, na kuiuliza kila risiti: wewe upo upande wa pili, na upo mara ngapi? Si lazima uwe mtaalamu wa kanzidata, hata Excel inatosha. Weka risiti za kaunta kwenye shiti inayoitwa `kaunta` na za uhasibu kwenye `hesabu`, namba ya risiti safu ya A. Kisha kwenye shiti ya kaunta:

```
=COUNTIF(hesabu!$A:$A,A2)
```

Vuta fomula mpaka chini. Jibu likiwa 1, risiti ile iko salama. Likiwa 0, haikufika. Likiwa 2, imefika mara mbili. Kisha fanya hivyohivyo kutoka upande wa uhasibu kuelekea kaunta, maana zipo risiti zilizoko kule na huku hazipo, na fomula ya upande mmoja haiwezi kuziona.

Binti alifanya mara ya kwanza akapata fujo: makumi ya risiti zina 2. Nilikuwa nimemwacha akosee kwa makusudi. Kaunta na vishikwambi kila kimoja kina hesabu yake ya namba, kwa hiyo risiti 00871 ya kaunta na 00871 ya kishikwambi ni za wateja wawili tofauti. Kitambulisho cha kweli ni kifaa pamoja na namba. Akatengeneza safu mpya yenye `K1-00871`, `T2-00871` na kadhalika, akavuta fomula tena. Kuungana kwa herufi na namba kulitusaidia pia kwa jambo jingine: Excel ikiona namba tupu hula sifuri za mbele, lakini `K1-00871` inaiacha ilivyo.

Mara hii matokeo yalitulia. Risiti 208 ziko pande zote mbili. Nne ziko kaunta tu, zenye jumla ya 52,000. Mbili ziko uhasibu tu, jumla 64,000. Na tatu kati ya zile 208 zimeandikwa mara mbili upande wa uhasibu, nakala hizo zikiongeza 41,500.

"Kaka, ni risiti tisa, si moja."

"Jumlisha na toa uone. 64,000 na 41,500 zimezidi, 52,000 zimepungua. Unapata 53,500. Tofauti yako ilikuwa 53,324. Imebaki 176, ndiyo ile iliyokuwa ikimegwa. Sasa una mafungu manne, na kila fungu lina sababu yake."

Zile nne ambazo hazikufika

Hizi ndizo zilizotula muda, na ndizo zenye hatari zaidi, kwa kuwa pesa iliyokusanywa haionekani kwenye vitabu. Nilimwambia azipange kwa kifaa na kwa saa, kisha asiseme chochote kwa dakika tano, atazame tu.

Zote nne zilitoka kishikwambi cha pili. Saa zake: 20:13, 20:58, 21:44, 22:59.

"Programu inaamka dakika ya 00, 15, 30 na 45," akasema taratibu. "Zote zimekatwa dakika moja au mbili kabla haijaamka."

Hapo alikuwa ameshashika mkia wa ng'ombe. Programu yetu huweka alama ya mahali ilipofikia. Ikiamka saa tatu kamili usiku, 21:00, hutuma risiti zote na kuandika: nimefika 21:00. Ikiamka tena 21:15 huuliza tu risiti zilizokatwa baada ya 21:00. Kishikwambi cha pili ni cha mhudumu wa bustanini, nyuma ya jiko, ambako mtandao wa Wi-Fi haufiki vizuri. Risiti hukatwa kule 20:58 na kubaki ndani ya kishikwambi mpaka mhudumu arudi karibu na kaunta, tuseme 21:03. Inapoingia kwenye kanzidata ina muhuri wa 20:58, nyuma ya alama. Programu ya 21:15 haiulizi huko tena, na ya kesho pia haiulizi. Risiti ipo mgahawani milele na uhasibu haitaiona kamwe. Hakuna ujumbe wa kosa popote, kwa kuwa kwa upande wake programu haikukosea.

Tulilithibitisha mchana uleule, maana dhana nzuri si ushahidi. Tuliiwasha tena programu ya kutuma, tukampigia mhudumu na kumwomba azime mtandao wa kishikwambi saa nane na dakika 13, auze chupa ya maji ya shilingi 1,000, asubiri robo ipite, kisha awashe saa nane na dakika 20. Risiti ikaonekana kaunta mara moja. Uhasibu tukaisubiri mpaka saa tisa. Haikuja.

Dawa ziko mbili. Iliyo bora ni kuacha kutumia saa ya kukatwa kwa risiti na kutumia saa ambayo kanzidata ya mgahawa imeipokea, safu inayojazwa na kanzidata yenyewe na si kifaa. Ukifanya hivyo umejikinga pia na kishikwambi chenye saa mbovu. Lakini hiyo ilihitaji kubadili mfumo wa kaunta, ambao si wetu. Kwa hiyo tulitumia ya pili: kila ikiamka, programu isianzie kwenye alama bali irudi nyuma saa 24 na kutuma upya kila kilichomo. Mpaka wake ni wazi. Kishikwambi kikikaa nje ya mtandao siku mbili, risiti zake zitapotea tena. Ndiyo maana kila Jumatatu tunaiacha irudi nyuma siku 10.

"Lakini kaka, tukituma upya kila robo saa, si kila kitu kitajirudia?"

Swali hilo ndilo nililokuwa nikilisubiri, kwa sababu linaamua nini kianze.

Zile tatu zilizojirudia

Kila moja ilikuwa na mistari miwili inayofanana kwa kila kitu, isipokuwa saa ya kuingia kwenye seva, iliyopishana kwa nusu dakika hivi. Programu hutuma na kusubiri jibu sekunde 30. Seva imepokea na kuandika, lakini intaneti imekatika kabla jibu halijarudi. Programu ikadhani haikufika, ikatuma tena. Seva haikuwa na sababu ya kukataa.

Kwa hiyo kabla ya kumwambia mtumaji arudie zaidi, mfundishe mpokeaji kukataa marudio:

```sql
ALTER TABLE receipts
ADD CONSTRAINT uq_receipt UNIQUE (till_code, receipt_no);
```

Amri hii itagoma ikiwa marudio bado yamo, na ni vizuri igome. Ondoa kwanza mistari ya ziada, ukibakiza ule ulioingia mwanzo, ndipo uiendeshe. Kisha badili amri ya kuingiza iwe na `ON CONFLICT (till_code, receipt_no) DO UPDATE SET total = EXCLUDED.total`, ili risiti iliyokwishafika isahihishwe badala ya kuongezwa. Baada ya hapo unaweza kuituma risiti ileile mara mia. Ukifuata mpangilio wa kinyume, yaani ukarudisha saa 24 nyuma kabla ya kizuizi kuwepo, utayaona mauzo ya siku moja yakijizidisha kila dakika 15. Nimeshaliona hilo mahali pengine, na simu niliyopigiwa usiku ule sitaki kuisimulia.

Zile mbili ambazo kaunta hawazijui

Moja ya 46,500, nyingine ya 17,500. Mhasibu alikuwa ameshaanza kusema kuna wizi. Meneja alipoulizwa alikumbuka: mezani walibadili oda, kaunta wakafuta risiti na kukata nyingine.

Hapa ufutaji wenyewe ndio tatizo. Mfumo wa kaunta unapofuta, unaung'oa mstari kabisa. Programu ya kutuma huangalia vilivyopo, na kilichong'olewa hakiwezi kusema "nimefutwa". Kama risiti ilikuwa imeshatumwa kabla ya kufutwa, itabaki uhasibu siku zote. Hata kurudi nyuma saa 24 hakusaidii.

Tuliwaomba wenye mfumo wa kaunta waweke alama ya `VOID` badala ya kung'oa, na mstari huo utumwe tena kama badiliko. Mpaka wafanye hivyo, kila asubuhi tunaendesha ile `COUNTIF` ya kutoka uhasibu kwenda kaunta, na kila risiti inayorudisha 0 inaandikiwa sababu na meneja kabla mhasibu hajaiondoa. Wizi huonekana hivyohivyo kwenye fomula, kwa hiyo sababu na iandikwe na mtu, mwenye jina.

Zile 176 zilizomegwa

Programu yetu hutuma bei ya kila mstari wa risiti bila kodi, imekadiriwa kwenye shilingi nzima iliyo karibu, na uhasibu huongeza VAT ya asilimia 18 upya. Chukua sambusa tatu, kila moja shilingi 1,000 pamoja na kodi, kila moja mstari wake. Mteja amelipa 3,000. Elfu moja ukiigawa kwa 1.18 unapata 847.46, ikakadiriwa kuwa 847. Mara tatu ni 2,541. Uhasibu ukizidisha kwa 1.18 unapata 2,998. Shilingi mbili zimepotea njiani. Vitu vingine huongeza badala ya kupunguza: cha 500 hukadiriwa kuwa 424 na kurudi kikiwa 500.32.

Dawa yake ni kutokokotoa mara mbili. Kaunta itume jumla aliyolipa mteja na kodi iliyochapishwa kwenye risiti, uhasibu uzipokee zilivyo. Tulibadilisha hilo kwa risiti mpya. Za nyuma tuliziacha na maelezo, kwa kuwa mwezi ule ulikuwa bado haujafungwa na mhasibu alitaka kuingiza marekebisho mwenyewe.

Ni kishawishi kikubwa kuiita kila tofauti ndogo "mmego wa shilingi" na kuendelea na kazi. Jumatatu ileile asubuhi, mara tu tulipomaliza kurekebisha saa, tulikuwa tumeziona siku zote saba kwa pamoja, na tarehe 12 ilikuwa imepungua shilingi 612 tu upande wa uhasibu. Nilimwambia binti hiyo ni mapeni ya VAT, aiache.

Saa kumi na moja jioni, nikifunga laptopu, akanigusa bega.

"Kaka, samahani. Ile tarehe 12 nimeivutia fomula."

"Enhe?"

"Kuna risiti moja ya 12,000 haikufika. Na moja ya 11,500 imeingia mara mbili. Mapeni ni 112."

Nikaifungua laptopu tena, tukaanza kuzipitia zile siku tano zilizobaki.